Imeli ya Saa Kumi

Ofisini kwetu barua za kompyuta zilitoka mara mbili kwa siku: saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hiyo ilikuwa amri yangu mwenyewe, na niliitoa kwa sababu ya ubahili. Tulikuwa na laini moja tu ya simu, ndiyo hiyo hiyo ya faksi, na modemu ikishaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, hakuna mteja aliyeweza kutupata. Tena kila dakika ilikuwa inalipiwa. Kwa hiyo karani wetu wa taipu aliandika barua zake polepole, akazipanga ndani ya mashine zisubiri, na saa ikifika anaunganisha laini, zinatoka zote kwa pamoja, zinaingia za wenzetu, anakata. Hizo zilikuwa zile siku za mwishoni mwa miaka ya tisini, ambapo mtu akipata imeli alikuwa akiwaambia na majirani.

Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba kilichoniokoa siku hiyo si busara. Ni ubahili.

Kazi yangu ilikuwa kutoa mizigo bandarini. Mtu wa bara anaagiza bidhaa kutoka ng'ambo, meli inatia nanga Kilindini, na mimi ndiye ninayezunguka na makaratasi baina ya forodha, bandari na wenye malori mpaka kontena lake litoke getini. Ofisi yangu ilikuwa vyumba viwili ghorofani, karibu na bandari kiasi cha kusikia honi za meli. Chumba kimoja changu, na kingine cha karani, kompyuta na feni. Karani alikuwa mama mmoja kutoka Rabai, mkristo, mtulivu, aliyesomea uhazili na kuusomea kwelikweli. Aliniita Mzee tangu nilipokuwa sijaota mvi hata moja, nami nilimwita dada. Nikipiga kelele, yeye alikuwa anasafisha miwani yake. Nikimaliza, ameshaivaa.

Sasa huyo mteja. Alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi, muuzaji wa vigae na mabomba, mtu wa sauti nzuri kwenye simu. Miezi kadhaa kabla ya siku ninayoielezea tulimtolea kontena mbili, tukamtumia invoisi mbili: ujira wetu, ada za bandari tulizomlipia, na nauli ya malori. Tulikubaliana siku thelathini. Siku thelathini zikapita, zikapita tena, zikapita mara ya tatu. Nikipiga simu, yuko mkutanoni. Nikaanza kuamini kwamba Nairobi nzima ilikuwa mkutano mmoja mkubwa.

Katikati ya hapo likafika kontena la tatu. Ushuru wa forodha, kwa desturi, hulipwa na mwenye mzigo mwenyewe. Lakini siku hiyo alinipigia yeye, na ile sauti yake, akasema yuko safarini, siku za bure za kuweka mzigo bandarini zinakwisha, ada itaanza kuhesabiwa kila siku, basi kaka yangu nilipie, nitakurudishia mara moja. Nami, kwa kuwa mtu akiniita kaka nalainika mifupa, nikakubali. Pesa zenyewe sikuwa nazo. Zangu zilikuwa mikononi mwake.

Nikarudi nyumbani Kuze nikamwambia mke wangu. Alikwenda kabatini, akarudi na kisanduku cha mbao alichoachiwa na mama yake, ndani mna bangili sita za dhahabu, tatu za kila mkono. Akazitoa moja moja, akanipa zikiwa zimefungwa kwenye leso, na kile kisanduku kitupu akakirudisha mahali pake. Nikaziweka rahani kwa sonara tunayejuana naye tangu chuoni, mtu ambaye hakunitoza hata senti juu ya alichonikopesha. Kontena likatoka. Mteja akatuma faksi ya shukrani. Pesa hakutuma.

Ningeweza kuvumilia mengi, lakini ikaja harusi. Mpwa wa mke wangu, mtoto wa dada yake mkubwa, alikuwa anaolewa, na siku ya wanawake ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Asiyezijua harusi za kwetu hawezi kuelewa maana yake. Mke wangu alikuwa khale wa bibi harusi, mama yake mdogo. Angekaa mbele, penye macho yote, na wanawake wa Mji wa Kale wana macho yanayopima dhahabu kwa gramu kutoka upande wa pili wa ukumbi. Bangili zile walizijua wote. Kutozivaa siku hiyo ilikuwa sawa na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba mume wake amefilisika. Yeye hakulalamika, na kule kutolalamika kwake ndiko kulikonitia moto.

Jumanne, siku kumi kabla ya harusi, niliingia ofisini asubuhi nikauliza kama kuna jibu la Nairobi. Karani akasema laini ya saa nne imeshapigwa na hakuna kitu.

"Dada," nikamwambia, "keti. Andika."

Barua zetu za kazi tuliziandika kwa Kiingereza, lakini mimi hukasirika kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilisema nikizunguka chumba, naye akawa anageuza huku vidole vinakwenda. Nitaiandika hapa kama ilivyotoka kinywani mwangu, kwa sababu, Mungu anisamehe, mpaka leo nafikiri ilikuwa na sehemu nzuri:

"Wewe bwana. Kama wewe hukujaaliwa haya, mimi nilijaaliwa subira, na leo imekwisha. Miezi mitatu umekalia pesa zangu kama kuku anayeatamia. Mwizi wa mfukoni wa Mwembe Tayari ana adabu kukushinda, maana yeye akishakuibia hakupigii simu kuuliza kontena lako limefika wapi. Wewe ni mwongo, na mikutano yako ni ya uongo. Hilo kontena lako linalokuja mwezi ujao nitaliacha bandarini mpaka vigae viote majani. Na kila wakala wa Kilindini atalijua jina lako kabla ya swala ya Ijumaa."

Karani akaacha kuandika. "Kichwa cha barua nitie nini, Mzee?"

"Tia MWIZI. Kwa herufi kubwa."

Akatia. Nilisikia vitufe vinne, vitano, nikaona raha iliyonishuka mpaka kwenye nyayo. Nikamwambia aitume. Akasema ameshaiweka na zinazosubiri, na laini itapigwa saa kumi kama nilivyoamuru. Nikamwambia aipige sasa hivi. Akavua miwani.

"Naweza," akasema. "Lakini wakala wa meli ameahidi kutupigia kabla ya adhuhuri, na ule mzigo wa sabuni hauna namba ya kutolea. Tukiwa kwenye laini hatutampata." Halafu akaipitisha barua kwenye mashine ya kuchapa, akanipa karatasi ikiwa bado na joto. "Nenda nayo ukale. Ukirudi ukiwa waitaka hivi hivi, saa kumi itatoka."

Nikaondoka na karatasi yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapakua. Wali, mchuzi wa papa, na achari ya ndimu aliyoitengeneza mwenyewe. Nikasema chakula kingoje, kwanza asikilize. Nikamsomea nikiitafsiri, na pale penye mwizi wa Mwembe Tayari nikapandisha sauti ili na jirani afaidi. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa amesimama na upawa mkononi.

"Ushamaliza?"

"Nishamaliza."

"Na huyo bwana akishaisoma, atafanyani?"

"Ataona haya."

"Wewe mtu akikwita mwizi, huona haya?"

Jibu tunalijua sote wawili. Mimi mtu akiniita mwizi namlipa siku ya kiyama.

"Basi na yeye yu vivyo hivyo," akasema. "Atakasirika, akukatalie, mwende kwa wakili, mwaka upite. Nami Ijumaa ya harusi n'vaeni? N'vae hii barua?" Akaweka upawa chini, akaninyooshea mikono yake miwili, mitupu. "Hebu nivishe, basi."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama anayeuliza kama nitaongeza mchuzi. Nilikula nikiwa nimeinamia sahani, na naona aibu kukiri kwamba papa alikuwa mtamu sana.

Nilirudi ofisini saa nane, nikamkuta karani ameshatandaza mezani faili la yule mteja. Namba ya mzigo wa sabuni ilikuwa imepatikana. Nikavuta kiti nikakaa upande wake wa kompyuta, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasema, "Tuanze tena."

"Kwanza niambie, Mzee, unafikiri nani huifungua imeli hii kule Nairobi?"

"Si yeye mwenyewe?"

"Yeye hajui hata kuiwasha mashine. Anwani yao ni moja tu, ya ofisi nzima. Hufungua binti wa hesabu, huchapa, huweka kwenye trei ya mkubwa, na kila apitaye husoma. Nimeongea naye kwenye simu mara nyingi. Ndiye anayeandika hundi. Mkubwa hutia sahihi tu." Akaigusa ile karatasi yangu ya asubuhi. "Ungemwita yule binti mwizi, na yeye ndiye wa kukulipa."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Kichwani mwangu barua ilikuwa inakwenda kumpiga kofi bwana mmoja mnene aliyekaa peke yake chumbani. Kumbe ingemfikia msichana mwenye trei.

"Anataka nini, huyo binti?"

"Anataka asisumbuke. Akisoma aone invoisi gani, ya tarehe gani, ya kontena lipi, kiasi gani, ilitakiwa ilipwe lini, na pesa ziende akaunti ipi. Kama itabidi aende kutafuta kwenye faili, ataiweka kando mpaka kesho. Na kesho ya kule unaijua."

Basi tukaanza. Kichwa cha barua kikawa namba tatu za invoisi na neno "hazijalipwa". Nikaona kimepoa mno, lakini yeye akasema anayetafuta namba ataiona kabla hajaifungua. Tukaziorodhesha: namba, tarehe, kontena, kiasi. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Alipofika ya tatu, ile ya ushuru, akafungua faili akatoa karatasi moja, akaiweka mbele yangu.

Ilikuwa imeli yao, ya mwezi mzima nyuma. Nilikumbuka kuiona. Mstari wa kwanza ulisema wamepokea invoisi yetu kwa shukrani, na mimi niliposoma shukrani bila hundi niliitupa kwenye trei na kutoka kwenda kunywa kahawa. Mstari wa pili sikuusoma. Mstari wa pili ulisema: tafadhali tutumieni risiti za asili za ushuru, kwani hatuwezi kuulipa wala kudai kurudishiwa kodi yetu kwa fotokopi.

"Nilikuuliza mara mbili, Mzee," karani akasema taratibu. "Ulisema unazo wewe."

Nilikuwa nazo. Jasho lilinitoka nikiwa chini ya feni. Siku ile niliyotoka forodha na risiti za ule ushuru, nilirudi nyumbani, nikafungua kabati, nikazikunja nikazitia ndani ya kile kisanduku cha bangili. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Niliona vibaya kisanduku cha mama mkwe kukaa kitupu, nikaona kama zile risiti ndizo bangili zenyewe, zimegeuka karatasi kwa muda, basi zikae mahali pake mpaka zirudi. Karani nilimpa fotokopi, akazituma pamoja na invoisi. Na mwezi mzima nilikuwa namlaani mtu wa watu kwa kutolipa kitu nilichokuwa nimekifungia kabatini mwangu.

Si vyote, lakini. Nataka niwe mwadilifu hata kwangu mimi. Invoisi mbili za mwanzo hazikuwa na udhuru wowote.

Nikakodi teksi, na nikwambieni, mtu bahili akikodi teksi kwenda Kuze mchana kweupe ujue mambo yamemfika. Gari liliniacha penye barabara, nikaingia vichochoroni mbio, nikiwasalimia wazee wa barazani bila kusimama, jambo ambalo mpaka leo wengine hawajanisamehe. Mke wangu alinifungulia, akanitazama nikichomoa risiti kutoka kwenye kisanduku huku nikimweleza ya Nairobi.

"Hizo ndizo zilizokuwa zikingojewa?"

"Kwa invoisi moja tu. Zile nyingine mbili ni yeye."

"Haya," akasema. "Kimbia."

Niliporudi ilikuwa saa tisa na robo. Karani alinakili risiti kwa ajili ya faili letu, akazitia za asili kwenye bahasha, akaandika jina la yule binti wa hesabu juu yake, wala si la mkubwa. Ingepanda basi la Nairobi jioni hiyo hiyo. Halafu tukarudi kwenye barua, na hapo nikaleta balaa jipya. Kwa kuwa nilikuwa nimejiona mkosaji, hasira zote zilinitoka, na badala yake nikaanza kulialia. Nikamwambia aandike kwamba tunaomba radhi sana kwa usumbufu, kwamba tunajua wana mengi ya kulipa, kwamba tutashukuru kwa chochote watakachoweza, kwamba mke wangu ana harusi.

Karani akaondoa mikono kwenye vitufe.

"La, Mzee. Radhi ni ya kosa moja, la risiti. Tutaomba mara moja, basi. Hizi mbili tuombe radhi ya nini? Pesa ni zako. Na ukisema chochote watakachoweza, watakupa chochote."

"Na harusi?"

"Harusi ni ya kwenu. Akijua una dhiki atakulipa kidogo kidogo, akijua utapokea." Akanitazama juu ya miwani. "Asubuhi ulitaka kumpiga, sasa wataka kumpigia magoti. Hapana njia ya kati hapo ya kusimama?"

Nilicheka, na yeye akacheka, na nafikiri barua ilipatikana katika kicheko hicho. Aliisoma kwa sauti mstari kwa mstari, mimi nikikubali au nikigomba. Ilipokwisha ilikuwa hivi, kwa Kiswahili changu:

"Salamu kwako na kwa wenzako. Tunaandika kuhusu invoisi tatu zilizoorodheshwa hapa chini. Mbili za mwanzo tulikubaliana zilipwe ndani ya siku thelathini, na sasa zimepita muda huo kwa miezi miwili. Tunaomba zilipwe kufikia Ijumaa hii, kwa akaunti iliyoandikwa hapa chini. Ya tatu iliwafikia bila ya risiti za asili mlizoziomba. Kosa hilo ni letu, na tunaomba radhi. Risiti zinaondoka leo kwa basi, kwa jina la afisa wenu wa hesabu, na tunaomba invoisi hiyo ilipwe ndani ya siku kumi na nne baada ya kuzipokea. Kwa kontena linalokuja mwezi ujao tutafurahi kuwahudumia kama kawaida, ila tutahitaji ushuru na ada za bandari ziwe zimewekwa kwenye akaunti yetu kabla meli haijafika. Ikiwa kuna jambo lolote linalozuia malipo haya, tafadhali tujulisheni kesho ili tulitatue pamoja. Tunathamini biashara yenu."

Nilisoma mara tatu. Kila nilichotaka asubuhi kilikuwamo. Kontena linalokuja lilikuwamo, ila halikuachwa liote majani, liliwekewa sharti. Miezi miwili ya kuchelewa ilikuwamo, ila bila kuku. Hata mwizi alikuwamo kwa namna yake, kwa sababu hakuna mtu anayeandikiwa 'Ijumaa hii' asijue ameshajulikana. Niliona raha ya namna nyingine, isiyoshuka mpaka kwenye nyayo, lakini iliyokaa kifuani mpaka usiku.

"Ile ya asubuhi imo bado humo ndani?" nikauliza.

Akanionyesha kwenye kioo, imekaa kwenye foleni, MWIZI kwa herufi kubwa. Akaniachia nafasi nibonyeze mwenyewe. Nikaifuta. Saa kumi juu ya alama modemu ikalia, na hiyo nyingine ikaondoka.

Jibu liliingia kesho yake kwenye laini ya saa nne. Aliyeandika alikuwa yule binti wa hesabu. Alisema risiti amezipata kituo cha basi asubuhi. Alisema invoisi mbili za mwanzo mkubwa angezitilia sahihi Alhamisi, na hundi angeiweka yeye mwenyewe kwenye tawi la benki yetu la Nairobi. Mwishoni akaongeza mistari ambayo karani alinisomea mara mbili: kwamba wiki hiyo alikuwa amepata barua nyingi za kudai, nyingine za matusi, na yetu ndiyo pekee iliyokuwa na kila kitu pamoja, kwa hiyo ndiyo aliyoipeleka kwanza. Karani aliichapa akaitia kwenye faili. Halafu akasafisha miwani, ingawa sikuwa nimepiga kelele.

Hundi ya Nairobi ilichukua siku zake kukomaa. Jumatano ya wiki ya harusi meneja wa benki aliniambia pesa zimeingia. Ningependa kusema nilikimbilia kwa sonara, lakini ndani ya pesa hizo mlikuwa na nauli ya malori, na mwenye malori naye alikuwa na subira ya kibinadamu. Nikamlipa. Nikalipa mshahara wa karani na kodi ya ofisi. Zilizobaki nikampelekea sonara Alhamisi, na hazikutosha. Zilizokosekana zilikuwa zimo kwenye invoisi ya tatu, ile ya risiti, ambayo siku zake kumi na nne zilikuwa bado zinakwenda kihalali kabisa. Sonara alihesabu, akafungua leso, akatoa bangili tatu akanisukumia. "Hizi avae harusini," akasema. "Hizo nyingine zi salama."

Nilifika nyumbani na bangili tatu, nikiwa nimejitayarisha kwa lolote. Mke wangu alizipokea, akazivaa zote tatu mkono wa kulia, akautikisa zikalia. Akautazama mkono wa kushoto kidogo. Halafu akaenda kupiga pasi nguo yake.

Mimi na wanaume wenzangu tulikuwa na letu msikitini na kwenye biriani, kwa hiyo ya ukumbini niliyapata kwa kusimuliwa. Alikaa mbele kama ilivyompasa. Mkono wa kulia dhahabu, mkono wa kushoto hina peke yake, imepandishwa mpaka karibu na kiko cha mkono, maua juu ya maua. Alikuwa amekaa na mpakaji wa hina siku nzima bila kuniambia. Wanawake walimuuliza. Aliwajibu kwamba ndivyo apendavyo. Dada yangu, ambaye hajawahi kunificha habari yoyote mbaya, aliniapia kwamba hakuna aliyenong'ona kuhusu kufilisika, na kwamba kwenye harusi ya mwezi uliofuata aliona wanawake wawili, wenye dhahabu ya kutosha mikono minne, wamevaa upande mmoja na kuuchora mwingine.

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Lakini tukirudi kwenye jioni yenyewe ya harusi, mke wangu aliporudi na kukaa ukingoni mwa kitanda kuvua viatu, nilimwambia kwa majivuno kwamba basi yote yamekwenda vizuri, na yule bwana wa Nairobi tumemshinda kwa adabu.

Akaninyooshea mikono yote miwili kama siku ile ya papa.

"Huu ulicheleweshwa na yeye," akasema, akiutikisa wa kulia. Kisha akauinua wa kushoto, wenye maua. "Na huu ulicheleweshwa na wewe."

Siku ya kumi na mbili baada ya risiti kufika, invoisi ya tatu ililipwa. Nilikwenda kwa sonara kwa miguu, nikazichukua zile tatu zilizobaki, na jioni nikamvisha mwenyewe mkono wa kushoto, moja moja. Hina ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufifia.